Mjadala: Wiki ya kuzungusha miti ifutwe kwenye somo la miundo ya data?

Mhadhiri wa Jioni
Wakuu, nafundisha miundo ya data darasa la jioni. Wiki nzima inaishia ubaoni nikichora miti inavyozungushwa ili isiegemee upande mmoja, na wanafunzi wanatoka wamekariri mishale tu. Napendekeza wiki hiyo ifutwe. Mti wa utafutaji huegemea upande mmoja pale data inapoingia ikiwa imeshapangwa. Basi tuwafundishe kuchanganya data kabla ya kuiingiza, yaishe. Nani anapinga, na kwa hoja gani?

Fundi wa Risiti
Mimi nakuunga mkono kwa yaliyonikuta. Kuna programu ya duka la jumla niliyoirithi, kila asubuhi inapakia risiti za zamani kwenye mti kwa kufuata namba zake. Namba zinapanda tu, kwa hiyo kila risiti ilikuwa inakwenda kulia ya iliyoitangulia. Mti ukawa kama shanga kwenye uzi. Dalili niliyoiona ni kwamba risiti zilipoongezeka mara mbili, muda wa kupakia uliongezeka mara nne. Nikaongeza mstari mmoja wa kuchanganya kabla ya kupakia, na tatizo likaisha siku hiyohiyo. Sikuzungusha chochote.

Ila niseme ukweli, mchana risiti mpya zinaendelea kuja na zote ni kubwa kuliko zilizopo. Kufika jioni upande wa kulia umeshaota mkia. Asubuhi napakia upya, mkia unakatika.

Kisiki
Fundi, hoja ya kumpinga Mhadhiri umeitoa mwenyewe hapo kwenye mkia.

Kuchanganya ni dawa halali, sibishi. Ukiwa na namba 1,000,000 mkononi ukazichanganya vizuri, kuipata namba moja kutakuchukua ulinganisho kama 25 au 26 kwa wastani. Mti uliokaa sawa kabisa una ngazi 20, kwa hiyo hujapoteza kitu. Ukiziingiza zimepangwa, namba ya mwisho iko ngazi ya 1,000,000, na kuujenga mti wenyewe kunagharimu ulinganisho karibu bilioni 500.

Lakini ili uchanganye, lazima data yote uwe nayo kabla ya kuanza. Tazama Linux. Kuanzia toleo la 2.6.23 la mwaka 2007 hadi utaratibu ulipobadilishwa kwenye toleo la 6.6 la mwaka 2023, kazi zilizosubiri prosesa ziliwekwa kwenye mti mwekundu-mweusi, unaojisawazisha kwa kuzungusha, zikipangwa kwa muda ambao kila kazi ilikuwa imeshautumia. Ya kushoto kabisa ndiyo iliyotumia muda mdogo, hiyo ndiyo iliyopewa zamu. Ilipotumia zamu yake, muda wake uliongezeka, ikarudishwa mtini upande wa kulia. Kwa hiyo kushoto kulipungua kila wakati, kulia kulijaa kila wakati. Mti wa namna hiyo unalala wenyewe kwa asili ya kazi yake. Utachanganya nini hapo, na saa ngapi?

Msimamizi wa Kanzidata
Nyie mnabishana kuhusu kitu ambacho hakitumiki. Faharasa ya kawaida ya PostgreSQL ni B-tree. Ukurasa ukijaa unagawanywa, hakuna mzunguko wowote. Futeni.

Kisiki
Mkuu, hilo ni kweli kwa data iliyo diskini, ambako kila kusoma ukurasa ni gharama, ndiyo maana nodi moja inabeba funguo nyingi. Mhadhiri anauliza kuhusu mti wa watoto wawili ulio kwenye kumbukumbu. `TreeMap` ya Java ni mwekundu-mweusi, na inazunguka kila siku bila wewe kuiona.

Mwaka wa Pili
Samahani wakubwa, niulize kama mwanafunzi. Mimi hata sielewi kwa nini kuzungusha kunaruhusiwa. Mti una sharti: wadogo kushoto, wakubwa kulia. Sasa 40 ilikuwa chini ya 20, ghafla 20 iko chini ya 40. Si tumevunja sharti?

Kisiki
Swali zuri, na wengi hukariri mishale kwa sababu hawakulipatia jibu. Sharti halisemi nani awe juu. Linasema tu nani awe upande gani wa nani. Kama 40 ni mtoto wa kulia wa 20, basi ni halali vilevile 20 kuwa mtoto wa kushoto wa 40. Kuzungusha ni kuhama kutoka picha moja halali kwenda nyingine iliyo fupi.

Chukua kalamu uingize 10, 20, 30, 40, 50, 60, 70 kwa mpangilio huohuo, kwa sheria ya AVL: kwenye kila nodi, vimo vya kushoto na kulia visipishane kwa zaidi ya 1.

Ikifika 30, nodi ya 10 ina kimo 0 kushoto na 2 kulia. Tunaizungusha kushoto: 20 inapanda, 10 na 30 zinakuwa watoto wake. 40 inaingia chini ya 30 bila ugomvi. 50 inapoingia chini ya 40, safari hii 30 ndiyo iliyoelemewa, 40 inapanda na kubeba 30 na 50.

Sasa tulia kwenye 60. Inaingia chini ya 50. Ukipanda kurudi juu, 50 ni sawa, 40 ni sawa, lakini mzizi 20 una 1 kushoto na 3 kulia. 40 inapaswa kupanda iwe mzizi, na 20 ishuke iwe mtoto wake wa kushoto. Tatizo ni kwamba 40 tayari ina mtoto wa kushoto, 30. Aende wapi? Nafasi ya kulia ya 20 imebaki wazi, kwa sababu 40 ndiye aliyekuwa hapo. Na 30 ni kubwa kuliko 20 na ndogo kuliko 40, kwa hiyo hapo ndipo panapomfaa. Huyo yatima ndiye mzunguko wenyewe. Ukimwelewa yeye, mishale huna haja ya kuikariri.

Ikiingia 70, nodi ya 50 inazungushwa, 60 inapanda. Umebaki na 40 juu, chini yake 20 na 60, na chini kabisa 10, 30, 50, 70. Ngazi 3 badala ya 7, kwa mizunguko 4.

Mwaka wa Pili
Hapo kwa 30 nimekusoma. Lakini nimejaribu 10, 30, 20 na mzunguko haukufanya kazi! 10 imeelemewa kulia, nimeizungusha kushoto, 30 imepanda, 10 ikawa kushoto kwake, 20 ikawa kulia ya 10. Bado ngazi ni 3, umegeuka tu upande. Kwa hiyo sheria haifanyi kazi kila mara?

Bi Mkubwa wa Maabara
Mwanangu, mzunguko umefanya kazi yake, wewe ndiye hukutazama njia. Kutoka 10 ulikwenda kulia, kisha kushoto. Njia imepinda. Yatima wako alikuwa 20 mwenyewe, na ndiye mrefu, ukamhamisha na urefu wake wote. Anza chini: zungusha 30 kulia ili 20 ipande juu yake, njia ikanyooka 10, 20, 30. Halafu zungusha 10 kushoto. 20 inakuwa mzizi.

Mhadhiri, mimi nasimamia maabara ya somo hilihili na sikubaliani na kufuta. Hoja yangu si Linux. Hii ndiyo kazi ya kwanza ambapo vijana wangu wanahamisha vielekezi vitatu na kimoja kikikosewa data inapotea kimyakimya. Tazama:

```python
def zungusha_kushoto(a):
    b = a.kulia
    a.kulia = b.kushoto
    b.kushoto = a
    a.kimo = 1 + max(kimo(a.kushoto), kimo(a.kulia))
    b.kimo = 1 + max(kimo(b.kushoto), kimo(b.kulia))
    return b
```

Wanaoanguka huanguka sehemu mbili. Kwanza, wanaiita `zungusha_kushoto(a)` bila kuliweka jibu lake mahali `a` ilipokuwa. Mzazi anabaki ameshika `a`, na `b` pamoja na kila kilicho kulia kwake havifikiki tena. Programu haitoi kosa lolote. Pili, wanahesabu kimo cha `b` kabla ya `a`, wakati `a` sasa iko chini. Kimo cha uongo kinapanda mtini, na mizunguko inaanza kutokea pasipohitajika au kukosekana inapohitajika.

Kipimo ninachowapa ni kupita mti kushoto, kati, kulia na kuandika funguo, kabla na baada ya kuzungusha. Orodha zote mbili lazima zifanane herufi kwa herufi. Kama ya pili ni fupi, kuna tawi limeanguka.

Fundi wa Risiti
Bi Mkubwa, hapo unafundisha vielekezi. Vielekezi unaweza kuvifundisha kwa orodha ya kawaida bila miti.

Mhadhiri wa Jioni
Fundi kanitangulia. Kisiki, la Linux nimelikubali, data inayokuja kidogokidogo haichanganyiki. Lakini anayeandika kiini cha Linux darasani kwangu ni nani? Wote watatumia maktaba. Na yule wa mti usiozungushwa ataona `RecursionError` kwenye Python mapema tu, kwa sababu kikomo cha kawaida ni 1000 na mti ulionyooka unakipita kwa funguo zisizofika hata 2,000. Atajua kuna tatizo, atakwenda kwenye maktaba.

Kisiki
Ataona kosa hilo kama aliandika fanksheni inayojiita yenyewe. Akiandika kwa kitanzi haoni kitu, anaona ucheleweshaji tu, kama programu ya Fundi.

Na kuna jambo hatujaligusa: kufuta. Mti uliojengwa kwa data iliyochanganywa unabaki mzuri ukiuacha. Lakini ukifuta na kuingiza mara nyingi mno, huku kila nodi yenye watoto wawili ikirithiwa na mrithi wa upande uleule, mti unaanza kuinama taratibu hata kama funguo zinachaguliwa kwa bahati nasibu. Kimo kinaelekea kwenye kadiri ya kipeuo cha pili cha idadi. Kwa funguo 1,000,000 hiyo ni kadiri ya 1,000, si makumi. AVL ya Adelson-Velsky na Landis ya mwaka 1962 haivuki ngazi 28 kwa idadi hiyo, ufute utakavyo.

Mhadhiri wa Jioni
Hilo la kufuta sikulitia kwenye hesabu. Basi nibaki na kuingiza: mzunguko wa njia iliyonyooka, na wa njia iliyopinda, siku mbili zinatosha. Kufuta kwenye AVL nakuacha.

Bi Mkubwa wa Maabara
Unaacha sehemu yenye mafunzo! Ukiingiza, kusawazisha nodi moja kunamaliza kazi, hata kama ni kwa mizunguko miwili. Ukifuta, tawi lililozungushwa linaweza kuwa fupi kuliko lilivyokuwa, mzazi wake akaelemewa, ukapanda ukizungusha hadi mzizini.

Kisiki
Hapo mimi niko na Mhadhiri. Kama ni kufundisha kufuta, afadhali mwekundu-mweusi, ambao haupiti mizunguko 3 kwa kufuta kumoja. Unalipa kwa mti mrefu kidogo, ngazi hadi 37 kwa hizo 1,000,000.

Bi Mkubwa wa Maabara
Na kesi zake za rangi utazimaliza kwa siku mbili? Niletee ratiba niione.

Mwaka wa Pili
Wakubwa, mtihani wetu ni Alhamisi. Kufuta kumo au hakumo?