Skrinshoti kwenye Word inatoka na maandishi madogo sana nikiprinti, nifanyeje?

Karani Tandahimba:
Wakuu habari zenu. Naandaa taarifa ya malipo ya korosho kwa mkutano wa wanachama wa chama chetu cha msingi. Jedwali liko kwenye mfumo unaofunguka kwenye brauza, na kwangu hauna sehemu ya kupakua, ni kuangalia tu. Napiga PrtSc, nabandika kwenye Word kwa Ctrl+V. Kwenye skrini nasoma bila shida, lakini kwenye karatasi majina na kilo yanakuwa kama chembe za mchanga. Wazee wetu wanataka kuona kilo na makato yao kwa macho yao, na ni haki yao. Karatasi ni A4 ya wima, skrini ya laptop ni 1366 x 768. Nikiivuta picha inatoka nje ya karatasi.

Mtoto wa Mikindani:
Mkuu, hiyo ni Word inashusha ubora wa picha. Nenda File > Options > Advanced, shuka hadi Image Size and Quality, weka tiki kwenye Do not compress images in file. Bandika upya, kwisha kazi.

Karani Tandahimba:
Nimefanya hivyo na kuprinti tena. Herufi ni ndogo vilevile, ingawa ukisogeza karatasi karibu na macho unaona hazina ukungu.

Stesheneri Masasi:
Kama hazina ukungu, basi tatizo si ubora, ni udogo. Word inahesabu pikseli 96 kwa inchi, kwa hiyo skrini yako nzima ina upana wa kama sentimita 36. A4 ya wima, ukitoa sentimita 2.54 za pembezoni kila upande, inakuachia karibu 16. Word inaibana picha ienee humo, inabaki asilimia 44 tu. Herufi uliyoiona ya saizi 11 inatoka chini kidogo ya saizi 5. Hata uende kwenye printa gani, mzee hawezi kuisoma.

Ile tiki aliyosema ndugu wa Mikindani inasaidia pale picha inapopoteza pikseli wakati wa kuhifadhi. Yako ikiwa imebanwa hivyo ina pikseli kama 218 kwa inchi, na kikomo cha kawaida cha Word ni 220, kwa hiyo hapakuwa na cha kupunguzwa.

Usichukue skrini nzima. Bonyeza Win+Shift+S, uzungushie safu unazozihitaji tu. Kipande cha pikseli 700 kinaingia kwenye A4 kwa asilimia 86 hivi, na herufi inabaki saizi 9 na ushee. Ukitaka iwe kubwa zaidi, kuza brauza kwanza kwa Ctrl na alama ya kujumlisha hadi 125% au 150%, ndipo ukate. Kisha bofya picha kulia, Size and Position, uangalie Scale. Kama hukukuza brauza, mimi siruhusu ishuke chini ya 75%.

Kijana wa Nachingwea:
Mimi nikibandika picha naona ukanda mwembamba tu, kingine chote kimefichwa. Nipunguze Scale?

Stesheneri Masasi:
Hapana mdogo wangu, lako ni jambo jingine. Aya hiyo imewekewa Line spacing ya Exactly. Fungua Paragraph, weka Single, picha itajitokeza yote.

Dada wa Lindi Mjini:
Kwa nini asilaze karatasi? Layout > Breaks > Next Page, kisha Orientation > Landscape. Anapata sentimita 24.6 na jedwali halikatwi.

Stesheneri Masasi:
Dada, skrini nzima hapo inafika asilimia 68, herufi saizi 7 na nusu. Kijana atasoma, mzee wa miaka sabini sidhani.

Dada wa Lindi Mjini:
Akiondoa menyu ya pembeni ya mfumo atapata zaidi ya hapo. Mimi bado ningelaza, maana jedwali lililokatwa nalo linachanganya watu.

Karani Tandahimba:
Shukrani wote. Nimekata vipande viwili, kilo juu na makato chini, na sasa vinasomeka bila miwani. Ila kipande cha makato hakina majina, mtu hajui mstari upi ni wake.

Stesheneri Masasi:
Kata safu ya majina peke yake, brauza ikiwa kwenye ukuzaji uleule. Anza na kuishia mstari uleule ulioanzia na kuishia kwenye makato. Weka jedwali la Word lenye seli mbili, majina kushoto, makato kulia, na picha zote mbili uzipe Scale sawa ili mistari ilingane. Usivute kwa mkono, andika namba. Printi ukurasa mmoja kwanza, upitishe rula toka jina la mwisho hadi makato yake.

Karani Tandahimba:
Mistari imelingana. Kurasa zimeongezeka, na mwenyekiti anauliza habari ya wino. Kesho namwonyesha hii na ile ya kulaza ya dada, achague.