Barua kwa mpiga picha: tuombe akate ukingo wa picha ya familia, amfute mtu, au tumfiche ndani ya fremu?

Nuru

Habari zenu. Ninaandika barua kwa niaba ya mama yangu kwa mpiga picha aliyetupiga picha ya familia miaka kadhaa iliyopita. Picha ilichapishwa kwa ukubwa wa inchi 24 kwa 16 na inatundikwa sebuleni. Aliyekuwa shemeji yangu, kabla ya talaka yake na dada, amesimama mwanzoni mwa mstari wa nyuma, kushoto kwa anayeitazama. Mama anataka nakala mpya isiyo naye, lakini hataki wajukuu waguswe, na mmoja wao ameketi mbele, karibu na miguu ya baba yake.

Nimeona njia tatu: kuomba picha ikatwe upande huo na kuchapishwa upya, kuomba afutwe na ukuta ujazwe mahali pake, au kuiacha picha ilivyo na kuweka kadi ya fremu itakayomfunika. Ni ipi niiombe, na barua niiandike vipi?

Kitasa

Mmelipia picha, kwa hiyo ni mali yenu na barua haihitajiki. Ipigeni picha hiyo ukutani kwa simu, mkate upande, mpeleke popote ikachapishwe.

Mkono wa Kamera

Kitasa yuko sahihi kwamba karatasi ile ni mali ya mama, na hakuna atakayemzuia kuifunika au hata kuikata kwa mkasi. Haki ya kunakili picha ni jambo jingine. Katika nchi nyingi hubaki kwa mpiga picha isipokuwa mkataba au sheria ya mahali iseme vinginevyo, na Mkataba wa Berne, tangu marekebisho ya mwaka 1928, unamtambulia mtunzi haki ya kupinga kazi yake kubadilishwa kwa namna inayomvunjia heshima. Kukata ukingo kwa ajili ya sebule hakufiki huko, lakini maabara makini inaweza kudai ruhusa yake kabla ya kuchapisha. Tena, picha ya simu iliyopigwa juu ya karatasi iliyo nyuma ya kioo hubeba mng'ao wa taa na vinyweleo vya karatasi yenyewe, na vyote huonekana wazi ukichapisha kwa ukubwa ule ule. Faili la asili analo yeye, na ndiyo sababu ya kumwandikia.

Nuru, kabla sijasema lolote kuhusu njia, chukua rula na unijibu mambo mawili. Mwili wa shemeji unaishia inchi ya ngapi kutoka ukingo wa kushoto, na mkono wake ulio upande wa dada uko wapi?

Nuru

Mwili wake unaishia kabla kidogo ya inchi 4.8. Kiwiko cha mpwa wangu kinaanzia kwenye inchi 5 na robo. Mkono umepita nyuma ya mgongo wa dada, na vidole vinne vinaonekana juu ya bega lake la mbali.

Bi Shangazi

Vidole hivyo ndivyo vitakavyokusumbua, mwanangu. Sisi tuliomba picha yetu ikatwe tu, bila kutaja mkono, na studio ikafanya hasa tulichoandika. Tukaletewa picha nzuri yenye vidole visivyo na mwenyewe begani kwa mdogo wangu, na kila mgeni akawa anaviona kabla hajaona nyuso. Tulipoomba tena kwamba mtu afutwe kabisa, pazia la maua lililokuwa nyuma lilijazwa kwa kurudiarudia ua lile lile, na mdogo wangu akabaki ameegemea upande ambao hakuna mtu.

Mkono wa Kamera

Maneno ya Bi Shangazi yameonyesha kwa nini simshauri Nuru aombe kufuta. Mtu akiwa katikati ya kundi, kufuta huacha pengo na hapo kazi ni kubwa: kusogeza watu, kutengeneza ukuta na kivuli sakafuni. Akiwa pembeni, kukata huondoa mwili, kivuli na pengo kwa pamoja, na linalobaki ni eneo dogo la vidole juu ya kitambaa, ambalo mhariri mzuri hulisafisha bila shida ikiwa nguo haina michoro mingi. Kadi ya fremu ina sifa moja kubwa, kwamba inaweza kuondolewa wakati wowote, lakini haifiki begani.

Sasa hesabu. Tuseme faili lina pikseli 6000 kwa 4000, ambazo kwenye inchi 24 kwa 16 ni pikseli 250 kwa kila inchi. Ukikata inchi 4.8 umeondoa pikseli 1200 na kubakiza 4800. Ukitaka fremu ya kawaida ya inchi 20 kwa 16, urefu uwe 3840, yaani juu ya vichwa nako papunguzwe 160, na uchapaji utakuwa pikseli 240 kwa inchi. Jicho halitaona tofauti. La kuangalia ni kiwiko cha mtoto: baada ya kukata kinabaki karibu nusu inchi kutoka ukingoni, na mdomo wa fremu hufunika kama robo inchi. Hapafai kukatwa zaidi ya hapo.

Karani Mstaafu

Barua nzuri ya namna hii haisimulii talaka. Humtaja mtu kwa nafasi yake, si kwa jina wala kwa kosa, kwa sababu itasomwa pia na mpokeaji wa studio na fundi wa kuchapa. Ningeiandika hivi:

> YAH: OMBI LA KUCHAPA UPYA PICHA YA FAMILIA IKIWA IMEKATWA
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunaomba nakala moja ya picha yetu, ambayo namba ya faili lake tumeiandika chini pamoja na tarehe iliyopigwa, ichapishwe kutoka faili la asili kwa ukubwa wa inchi 20 kwa 16.
>
> Tunaomba mtu wa kwanza kutoka kushoto kwa mtazamaji, mstari wa nyuma, asiwemo. Mstari wa kukata tumeuchora kwenye nakala ndogo tuliyoambatisha, nao usiguse kiwiko cha mtoto aliyeketi mbele. Vidole vinavyoonekana begani kwa mwanamke aliye karibu naye visafishwe.
>
> Tafadhali ututumie nakala ya kuangalia pamoja na gharama kabla ya kuchapa. Faili la asili tunaomba lihifadhiwe bila kubadilishwa.

Tumaini

Kwa nini msiombe studio ifute kabisa picha zote alizomo? Talaka ikishatoka, hana haki ya kubaki kwenye kumbukumbu zenu.

Karani Mstaafu

Nuru hakuuliza hilo, na sentensi ya mwisho ya barua nimeiweka makusudi kulizuia. Wale watoto ni wa mtu huyo, na siku moja wanaweza kuitaka picha nzima.

Bi Shangazi

Nakubaliana na hilo la watoto, lakini kuhusu sababu nina shaka. Mpiga picha wetu aliposikia kisa kwa ufupi alikuwa mwangalifu zaidi, na aliiondoa picha ile kwenye maonyesho ya dirisha lake bila kuombwa. Sentensi moja ya sababu haidhuru.

Nuru

Nitaomba kukata pamoja na kusafisha vidole. Sababu nitamwachia mama aamue, maana yeye ndiye atakayetia sahihi. Nguo ya dada ni ya kitenge chenye michoro midogo pale begani. Mkono wa Kamera, hilo linabadilisha kitu?

Mkono wa Kamera

Linabadilisha. Ongeza kwamba nakala ya kuangalia iwe na kipande cha bega pekee kwa ukubwa kamili, kwa sababu kwenye picha ndogo ya simu michoro iliyokosewa haionekani. Na muulize kama alipiga picha nyingine dakika ile ile ambayo mkono haukuwa pale, kwani kundi kwa kawaida hupigwa mara kadhaa mfululizo. Ikiwepo, bega litachukuliwa huko na hapatakuwa na kubuni chochote.