Baba alistaafu 2009 anapata 157,080, mwenzake wa daraja lilelile aliyestaafu 2021 anapata 403,920. Kuna kosa au ndivyo ilivyo?

MtotoWaMwalimu

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za saa hizi.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa sekondari. Alianza kazi 1976, akastaafu 2009 akiwa na miaka 33 kazini. Mshahara wake wa mwisho ulikuwa 420,000. Alipokea mkupuo wa milioni 28 na kitu, na pensheni ya 154,000 kwa mwezi. Kwa miaka yote hiyo pensheni haikusogea, mpaka Januari mwaka huu wa 2025 ilipoongezwa ikawa 157,080.

Mwezi uliopita kwenye msiba alikutana na mwalimu aliyewahi kuwa chini yake. Huyo naye alifanya kazi miaka 33, akastaafu 2021 akiwa daraja hilohilo la baba. Anapata 403,920 kwa mwezi! Tangu siku hiyo mzee hana raha. Anasema amedhulumiwa na anataka nimpeleke ofisini akadai. Kabla sijampandisha basi mzee wa miaka 76, naomba kujua: hapa kuna kosa la hesabu la kufuatilia, au ndivyo mambo yalivyo? Nawasilisha.

Kichwangumu

Mkuu, hilo mbona limeshatatuliwa? Kima cha chini cha pensheni kimepanda kutoka 100,000 hadi 150,000 kuanzia Januari. Mwambie mzee afanye uhakiki, atapandishiwa tu.

MtotoWaMwalimu

Mkuu, soma vizuri. Mzee alikuwa na 154,000. Kima cha chini kimemkosa kwa shilingi elfu nne.

Shangazi_Tegeta

Mwanangu, pole. Suala la uhakiki lisikie kwangu. Mume wangu alisimamishiwa pensheni miezi mitatu kwa sababu alama za vidole hazikusoma. Vidole vya mtu aliyeshika jembe maisha yake yote utavisomaje? Mpeleke mapema na abebe vitambulisho vyote.

MtotoWaMwalimu

Asante shangazi, ila wa kwangu pesa inaingia kila mwezi bila shida. Ninachouliza ni kiasi chenyewe.

MzeeWaHesabu

Kijana, nimekaa kwenye mafao miaka mingi, ngoja nikufanyie hesabu ya baba yako kwa kanuni ya wakati ule, ile ya PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa serikali kabla mifuko haijaunganishwa.

Miaka 33 ni miezi 396. Mshahara wa mwisho 420,000 ukizidisha kwa 12 unapata 5,040,000 kwa mwaka. Hiyo unazidisha kwa 396, unagawa kwa 540. Inakuja 3,696,000, na hiyo ndiyo pensheni yake kamili ya mwaka. Kanuni ikamkatia nusu, yaani 1,848,000, ikaizidisha kwa 15.5 na kumpa mkononi: 28,644,000. Nusu iliyobaki ikagawanywa kwa 12, ikawa 154,000 kila mwezi. Kwa hiyo hesabu yake imekaa sawa kabisa, ikiwa ule mshahara wa 420,000 wenyewe ni sahihi. Hilo nitalirudia.

Sasa mchukue yule mwenzake. Miezi ni ileile 396, kanuni ni ileile, maana mabadiliko ya 2018 yalisitishwa Desemba mwaka huohuo na watu wakaendelea na ya zamani. Kilichobadilika ni mshahara tu. Ukirudi nyuma kutoka 403,920, ukatoa asilimia 2 ya Januari, alianza na 396,000. Maana yake mshahara wake wa mwisho ulikuwa 1,080,000.

Siri yote iko hapo. Ukiwa kazini, mshahara wako unapandishwa. Siku unastaafu, kanuni inapiga picha ya mshahara wa siku hiyo. Baada ya hapo mishahara ikipanda, picha yako haibadiliki. Daraja la baba yako limeendelea kupanda bila yeye.

Kichwangumu

Kwa hiyo huyo wa 2021 amependelewa. Wanajali wanaostaafu leo tu.

MzeeWaHesabu

Hapana, na hapa ndipo wengi mnapokosea. Angalia bei za vitu. Mwaka 2012 peke yake mfumuko wa bei ulikuwa wastani wa asilimia 16, na mwaka uliotangulia ulizidi 12. Baada ya hapo ukashuka, lakini bei hazikurudi chini, zilipunguza tu mwendo. Kutoka 2009 hadi 2021 bei zilizidi mara mbili. Kama pensheni ya mzee ingekuwa inafuata bei tu, bila nyongeza yoyote ya maana, mwaka 2021 ingekuwa kama 330,000.

Sasa pima: 154,000, kisha 330,000, kisha 396,000. Sehemu kubwa ya pengo ni bei kupanda huku pensheni imesimama. Sehemu ndogo ya juu, kama elfu sitini na kitu, ndiyo mishahara kukua kuliko bei. Mwenzake hakupewa utajiri, alianza safari akiwa na pesa ya leo, na mzee bado ana pesa ya 2009.

Bandari_Kisauni

Huku kwetu Kenya wastaafu wa serikali huongezewa asilimia 3 kila baada ya miaka miwili. Hakuna kungoja hisani ya mtu. Nyinyi mngedai sheria kama hiyo, mambo yangeisha.

MzeeWaHesabu

Ndugu yangu wa Mombasa, mpango wenu una uzuri mmoja mkubwa: unajulikana mapema. Lakini piga hesabu. Katika miaka 12 utapata nyongeza sita za asilimia 3. Zote pamoja hazifiki asilimia 20. Mzee wetu angekuwa na kama 184,000, na bei zimepanda zaidi ya mara mbili. Angechelewa kuzama, ila angezama.

Bandari_Kisauni

Hapo umenibana mzee. Na ni kweli, babangu hulalamika vivyo hivyo licha ya hiyo tatu.

Mstaafu23

Nimekuwa nasoma kimya, sasa na mimi niseme. Nilistaafu 2023, miaka 33, mshahara wa kukokotolea 1,080,000. Pensheni yangu ilianza na kama 494,000 kwa mwezi. Wazee wa zamani wakisikia wananiangalia kama mwizi. Lakini mkupuo wangu ulikuwa milioni 36 na nusu hivi! Huyo wa 2021 kwa mshahara huohuo alikunja milioni 73 na ushee. Nani amefaidi?

MzeeWaHesabu

Asante kwa kulileta hili, maana linawachanganya watu wengi mtaani. Kuanzia Julai 2022 kanuni ilibadilika. Kigawanyo kikawa 580 badala ya 540, mkupuo ukawa asilimia 33 badala ya nusu, kizidisho kikawa 12.5 badala ya 15.5, na asilimia 67 ikabaki kwenye pensheni ya mwezi. Mwaka 2024 mkupuo ukapandishwa hadi asilimia 40 kwa kundi ambalo zamani lilikuwa likipewa nusu. Kwa hiyo mtu asilinganishe pensheni ya mwezi ya 2009 na ya 2023 halafu akadhani tofauti yote ni dhuluma. Mwenye pensheni kubwa ya mwezi pengine amechukua kidogo mkononi. Baba yako na yule wa 2021 wanalinganishika kwa sababu kanuni yao ni moja. Na Mstaafu23 ni habari nyingine.

Kichwangumu

Sawa, lakini Januari wote wamepewa asilimia 2. Si haki hiyo?

MtotoWaMwalimu

Ndiyo maana mzee alicheka. Yeye amepata 3,080. Mwenzake amepata 7,920. Asilimia ni moja, pengo limeongezeka. Na jirani yetu aliyekuwa na 110,000 amepandishwa hadi 150,000 kwa mara moja. Mzee alimtangulia kwa 44,000, sasa wamepishana 7,080.

MzeeWaHesabu

Umeona mwenyewe. Kuna njia mbili za kuongeza na kila moja ina mtu inayemwacha. Ukiinua sakafu, unawaokoa walio chini kabisa, lakini walio juu kidogo ya sakafu hawasogei na miaka yao ya kazi inapoteza thamani mbele ya wenzao. Ukiongeza asilimia sawa kwa wote, aliyebaki nyuma anazidi kubaki nyuma kwa shilingi. Hii ya sakafu si mpya, upande wa wastaafu wanaolipwa moja kwa moja na Hazina mwaka 2015 kima cha chini kilitoka 50,114 kikawa 100,125.

Njia inayoziba pengo ni kuongeza zaidi waliostaafu zamani, kwa kuangalia mwaka wa kustaafu. Ni ghali. Wengi wa wazee hawa walifanya kazi miaka mingi kabla ya 1999, wakati hakuna mchango uliokuwa ukikatwa, na mfuko ukabeba mzigo wa miaka ambayo haikuchangiwa. Serikali ililipa sehemu ya deni hilo kwa hatifungani maalumu isiyo taslimu. Sisemi hiyo ni sababu ya kumnyima mzee, nasema huko ndiko mjadala unakokwama.

Shangazi_Tegeta

Na ile nusu iliyokatwa mwanzo? Miaka 15 na nusu imeshapita tangu 2009. Hawamrudishii?

MzeeWaHesabu

India hurudisha baada ya miaka 15. Kwetu, shangazi, katika miaka yangu yote sijaona mstaafu hata mmoja aliyerudishiwa. Ile nusu aliiuza.

Shangazi_Tegeta

Basi aliyeishi muda mrefu ndiye aliyepata hasara. Makubwa haya.

MtotoWaMwalimu

Mzee, ulisema utarudia kuhusu 420,000.

MzeeWaHesabu

Ndiyo. Tofauti yake na mwenzake haina pa kudaiwa ofisini, usimpandishe basi kwa hilo. Lakini kosa la kweli mara nyingi hujificha kwenye mshahara uliotumika. Walimu wengi walipandishwa daraja kwa barua, mshahara mpya ukachelewa kuingia kwenye mfumo, wakastaafu na ule wa zamani. Tafuta vitu vitatu: karatasi ya ukokotoaji wa mafao, slipu ya mwezi wa mwisho, na barua ya mwisho ya kupandishwa daraja. Angalia tarehe ya kuanza kutumika, siyo tarehe ya kuandikwa. Hesabu pia miezi, wakati mwingine barua ya ajira ya kwanza ilipotea na miezi ikaliwa.

MtotoWaMwalimu

Wakuu, nimerudi baada ya siku nne. Tumepekua sanduku la mzee. Miezi iko sawa, 396. Slipu ya mwisho inasema 420,000. Lakini kuna barua ya kupandishwa inayoanza Julai 2008, na kwa karatasi ya ngazi za mishahara aliyoitunza, alipaswa kuwa kwenye 452,000. Mzee mwenyewe alikuwa ameisahau.

MzeeWaHesabu

Kama barua hiyo ni halali, tofauti ya 32,000 ingempa 11,733 zaidi kwa mwezi, na mkupuo ungezidi kwa 2,182,400. Ukijumlisha na miezi 192 hivi tangu astaafu, unaona si pesa ya kuacha. Anzia kwa mwajiri wake wa zamani, kwa afisa utumishi, maana mfuko hulipa kwa mshahara ulioletwa na mwajiri. Nenda na nakala, barua halisi iache nyumbani.

Kichwangumu

Miaka 16 imepita, watamwambia dai limeshapitwa na wakati.

Mstaafu23

Mimi nina mwenzangu alilipwa baada ya miaka tisa. Mwingine aliambiwa jalada halionekani, mpaka leo.

MtotoWaMwalimu

Jumatatu naenda na nakala peke yangu. Mzee anabaki nyumbani, ingawa ameshapiga pasi suruali.