Chaja za umma: ziwe za volti 800 tu, au za 400 zibaki?

Mleta mada: Wakuu, kwa nini gari la volti 800 linachaji haraka kuliko la 400, tena kwa kebo nyembamba isiyopata moto sana? Na kama ni hivyo, za 400 tunasimika za nini?

Mtazamaji: Sikubaliani. Volti kubwa ndiyo inayoua watu, itakosaje kuunguza waya? Haraka hiyo inatokana na betri za kisasa tu.

Fundi Volti: Mkuu, kinachopasha waya ni ampea. Chukua kilowati 200: kwa volti 400 unahitaji ampea 500, kwa 800 zinatosha 250. Na joto hufuata mraba wa ampea. Waya wenye ukinzani wa miliomu 1 utatoa wati 250 kwenye ampea 500, lakini wati 62.5 tu kwenye 250. Ukiipunguza shaba hadi nusu, ukinzani unakuwa mara mbili na joto linapanda hadi wati 125. Yaani kebo imekuwa nyepesi mkononi na joto bado ni nusu ya mwanzo, ila sehemu ya faida umeirudisha.

Kasi nayo inatoka hapo hapo. Chaja nyingi za CCS, yaani zile za plagi ya kuchajia haraka, zinakomea ampea 500, kwa hiyo gari la 400 haliwezi kuzidi kilowati 200 hata betri yake ikitaka zaidi. Hofu yako ya volti ina mahali pake: inadai kihami bora, cheche isiruke.

Dada wa Zamu: Mbona langu ni la 800 na nikilichaji nyumbani usiku halimwachi la jirani la 400? Nimeuziwa jina?

Fundi Volti: Hapana, dada. Nyumbani umeme unapita kwenye chaja ya ndani ya gari. Ikiwa inakomea kilowati 7, ni 7 kwenu nyote wawili.

Seli Moja: Fundi, umesahau betri yenyewe. Chukua mistari miwili ya seli iliyokuwa sambamba, ikigawana zile ampea 500, uifunge mfululizo. Volti inapanda mara mbili, lakini kila seli inapokea ampea 250 zile zile. Joto ndani ya seli halijapungua hata kidogo. Ndiyo maana gari la 800 nalo hupunguza kasi betri ikikaribia kujaa au ikipata moto.

Mtazamaji: Kumbe. Lakini mkiondoa za 400, magari ya zamani yaende wapi?

Seli Moja: Chaja inayofika volti 1000 hushuka kulifuata gari la 400. Shida ni upande wa pili: Porsche Taycan ya 2019, kwenye chaja ya 400, ilipata kilowati 50 tu kwa kifaa chake cha kawaida cha kupandishia volti. Mimi nasema mpya zote ziwe za 1000.

Fundi Volti: Kwenye barabara kuu, sawa. Gari likiegeshwa kwa muda wa saa tatu, kilowati 50 zinatosha na sioni haja ya kulipia ile kubwa.