Kufunga au kupunguza nusu kabla ya ripoti ya mapato: naomba ushauri

Wanajamvi, habari zenu. Niko Kisumu, nafanya biashara ya hisa za soko la New York kwa mfumo wa kufuata mwelekeo: nanunua bei inapovuka kilele cha siku 50, na nakata hasara ikishuka kiasi nilichopanga.

Msimu uliopita nilinunua hisa 50 kwa dola 80, oda ya kukata hasara ikiwa dola 74, yaani nilikubali kupoteza dola 300. Kampuni ilitoa ripoti baada ya soko kufungwa, saa tano usiku kwetu, na kesho yake bei ikafunguka dola 65. Oda ilitekelezwa hapo hapo, maana kati ya 74 na 65 hapakuwa na biashara, nikapoteza dola 750.

Tangu hapo nimejaribu kuuza zote siku moja kabla ya ripoti. Usingizi umerudi, lakini hisa moja iliruka juu bila mimi, na kuinunua upya kulidai bei ghali na oda ya mbali zaidi. Kubaki na nusu kungepunguza hasara ile hadi dola 375, ambayo bado inazidi kikomo changu.

Je, mnaobaki na nusu huwa mnadai kwanza faida iliyozidi mruko wa kawaida wa hisa hiyo siku za ripoti? Na aliyeuza zote arudi kwa kanuni gani, kilele kipya au siku ya pili baada ya ripoti?