Naomba ushauri: nimeletewa barua ya madai ya kodi nisiyodaiwa

Wakuu, habari zenu. Nilipanga fremu Majengo, hapa Dodoma. Wakili wa mwenye fremu ananitaka nilipe kodi ya miezi 3, shilingi 600,000, ndani ya siku 14, eti nilihama bila notisi. Mkataba, kifungu cha 7, unataka notisi ya maandishi ya siku 30 tu. Niliitoa tarehe 1 Machi, mwenyewe akasaini nakala yangu. Funguo nilikabidhi tarehe 31, kodi ya Machi nimeshalipa.

Nimeandika jibu: "Kwa heshima, nayakataa madai haya," kisha tarehe hizo, kifungu neno kwa neno, na nakala za notisi na risiti. Matusi nimeyafuta (yalijaa ukurasa!). Imebaki "samahani kwa usumbufu". Naogopa isije ikasomeka kama nakiri deni. Niitoe?