MREJESHO: Mteja wa Upwork aliyetaka tumalizane nje

Niliuliza: "Niko Mtwara, natafsiri kupitia Upwork. Mteja wangu mkubwa anataka anilipe moja kwa moja tukwepe makato. Nikubali?"

Wakuu, asanteni. Sikukubali. Masharti yanasema mteja mliyekutana humo, malipo yake yapitie humo kwa miaka 2 tangu mlipoanza kufahamiana. Mkataba mpya haurudishi saa nyuma, na hilo ndilo lililonipa ahueni.

Kumtoa mteja humo kabla ya miaka 2 kuna ada ya uhamisho. Wanachukua bei yako ya saa, wanazidisha kwa saa 2,080 za mwaka mzima, kisha wanatoza asilimia ya hapo. Kwa dola 10 zangu hesabu inaanzia dola 20,800, hata kama mteja hunipa saa chache kwa wiki. Kwa kazi ndogo kama yangu haina maana.

Nikamwandikia mle mle kwenye ujumbe wa Upwork: "Masharti tuliyakubali sote. Tuendelee hapa hadi miaka 2 iishe, au ulipie uhamisho ukipenda." Akasema sawa, kazi zikaendelea.

Mteja wa kunilipa moja kwa moja nimempata huku huku: mfanyabiashara wa korosho Mikindani, namtafsiria barua zake za wanunuzi wa nje. Hatukukutana Upwork, kwa hiyo hawadai kitu. Tumeandikiana ukurasa mmoja: nusu kabla, nusu nikikabidhi, masahihisho mara 2. Sampuli nilimwandikia mpya. Kazi ya mteja wa kule sikumwonyesha.

Na yule aliyeshauri nifungue akaunti ya pili: mkuu, nayo hairuhusiwi.